Lita Zilezile, Mapafu Tofauti: Kwa Nini Spirometa Huuliza Urefu, Umri na Jinsi

Chukulia watu wawili wa mfano, wakazi wa Lingeka mkoani Simiyu, waliopewa rufaa siku moja kwenda kupimwa mapafu kwa spirometa. Wa kwanza ni mama wa miaka 62, mwenye urefu wa sentimita 152, ambaye amepika kwa kuni tangu utotoni na sasa anakohoa kila masika. Wa pili ni kijana wa miaka 30, mwenye urefu wa sentimita 178, aliyefanya kazi misimu kadhaa katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kila mmoja anavuta pumzi hadi mwisho, anaipuliza kwa nguvu zake zote, na mashine inaandika kiasi cha hewa kilichotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa wote wawili namba ni moja: lita 1.9.

Mama anaambiwa kwamba kipimo chake ni cha kawaida. Kijana anaambiwa asiondoke, kwa kuwa mapafu yake yamepungukiwa sana na lazima sababu itafutwe. Ni haki kwa kijana kuuliza: "Daktari, mbona mama huyu ana lita sawa na zangu na yeye ameruhusiwa kurudi nyumbani?"

Swali hilo ni la msingi. Lita peke yake haimwambii mtu kama mapafu ni mazima au magonjwa. Tofauti na joto la mwili, ambalo kwa watu wazima wenye afya hukaribiana, ujazo wa mapafu hauna namba moja iliyo njema kwa wote. Kila kipimo hulinganishwa na kile kinachotarajiwa kwa mtu mwenye afya, mwenye urefu uleule, umri uleule na jinsi ileile. Mama yule alitarajiwa kutoa takribani lita 1.85, naye akatoa 1.9. Kijana alitarajiwa kutoa takribani lita 4.3, naye hakufikia hata nusu yake.

Kinachopimwa

Spirometa hutoa namba mbili kuu. Ya kwanza, ambayo kwenye kioo cha mashine huandikwa FVC, ni jumla ya hewa yote ambayo mtu anaweza kuipuliza baada ya kujaza mapafu kabisa. Ya pili, FEV1, ni sehemu ya hewa hiyo inayotoka katika sekunde ya kwanza. FEV1 ikiwa ndogo mno ikilinganishwa na FVC, njia za hewa zimebana, kama inavyoonekana katika pumu au katika mapafu yaliyoharibiwa na moshi kwa miaka mingi. Zote mbili zikiwa ndogo huku uwiano wake ukiwa mzuri, yawezekana mapafu yenyewe yamepungua ukubwa, kwa mfano kwa makovu yaliyoachwa na kifua kikuu.

Katika hali hii ya pili ndipo urefu, umri na jinsi huwa na uzito mkubwa zaidi. Njia za hewa zinapobana, uwiano wa namba mbili za mtu mwenyewe huweza kuonyesha kasoro hata kabla ya kumlinganisha na wengine. Lakini mapafu yakipungua ukubwa, hakuna njia ya kusema "yamepungua" bila kujua yalipaswa kuwa na ukubwa gani.

Urefu: kifua hufuata kimo

Mwaka 1846 tabibu wa London, John Hutchinson, alichapisha matokeo ya kupima pumzi za watu zaidi ya 2,000 kwa chombo alichokiita spirometa. Alitafuta ni kitu gani katika mwili kinachokwenda sambamba na kiasi cha pumzi, na jibu lililojitokeza wazi lilikuwa kimo. Kwa kila inchi moja juu ya futi tano, yaani kila sentimita mbili na nusu hivi, pumzi iliongezeka kwa takribani mililita 130. Uzito haukufuata kanuni hiyo.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Mtu mrefu kwa kawaida ana kifua kirefu na kipana zaidi, na mapafu hukua kwa kiasi cha chumba yalichopewa. Tena chumba hicho hupanuka pande zote, si kwenda juu tu. Ndiyo maana tofauti ndogo ya kimo huzaa tofauti kubwa ya ujazo. Kunenepa hakuongezi mapafu. Mafuta ya tumboni husukuma kiwambo juu na huweza hata kupunguza pumzi, kwa hiyo uzito haumo katika milinganyo ya spirometri inayotumika sana leo, ingawa fomu nyingi bado huuliza.

Umri: mlima wenye kilele cha mapema

Mapafu ya mtoto hukua pamoja naye, ila hayaendi hatua kwa hatua na miguu yake. Kijana anayebalehe hurefuka kwanza, kisha kifua na mapafu hufuata. Kwa sababu hiyo watoto wawili wenye kimo kimoja, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa miaka 14, hawatarajiwi kuwa na kipimo kimoja.

Kilele hufikiwa kati ya miaka 20 na 25 hivi. Baada ya hapo mtu mzima asiyevuta sigara wala kuugua hupoteza, kwa wastani, takribani mililita 25 hadi 30 za FEV1 kila mwaka. Mwaka mmoja hauonekani. Miaka 30 ni karibu lita nzima.

Wengi hudhani kwamba mapafu ya mzee yamesinyaa. Kwa kweli ukubwa wake wote haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mnyumbuko. Mapafu ya kijana hujirudi yenyewe kama mpira uliovutwa, na mvuto huo ndio unaozishikilia wazi njia ndogo za hewa wakati wa kupuliza. Kadiri miaka inavyopita mvuto hulegea, njia ndogo hufunga mapema kabla hewa haijatoka yote, mbavu hukakamaa na misuli ya kupumua hupungua nguvu. Hewa inayobaki ndani baada ya kupuliza huongezeka, na hewa inayotoka hupungua. Hayo ni mabadiliko ya umri, na kazi ya milinganyo ni kuyatenga na ugonjwa.

Jinsi: kimo kimoja, kifua tofauti

Mwanamke na mwanamume wenye kimo na umri uleule hawana mapafu ya ukubwa mmoja. Kwa wastani kifua cha mwanamke ni kidogo zaidi, vifuko vyake vya hewa kwa jumla ni vichache zaidi, na njia zake kubwa za hewa ni nyembamba zaidi. Tofauti hii ni ndogo utotoni na hupanuka wakati wa kubalehe. Kwa milinganyo itakayotumika hapa chini, mwanamke wa miaka 45 mwenye sentimita 166 hutarajiwa kuwa na FVC ya takribani lita 3.3, na mwanamume wa umri na kimo hicho lita 4.05. Ni pengo la robo tatu ya lita. Mwanamke akipimwa kwa kigezo cha mwanamume ataitwa mgonjwa bila ugonjwa. Mwanamume akipimwa kwa kigezo cha mwanamke, ugonjwa wake utafichwa.

Mfano mmoja kwa hesabu

Mwanamume wa mfano, mkulima wa pamba wa miaka 45, alitibiwa kifua kikuu akapona, lakini sasa anachoka akibeba magunia. Kimo chake ni sentimita 166. Amepuliza mara tatu ipasavyo na FVC yake iliyo bora ni lita 2.90. FEV1 ni lita 2.40, yaani asilimia 83 ya FVC, kwa hiyo hakuna dalili ya njia za hewa kubana. Linalobaki ni swali moja: je, lita 2.90 ni chache kwake?

Mashine nyingi zina milinganyo iliyotolewa mwaka 1993 kutokana na kazi ya Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma ya Ulaya. Si mipya, lakini ni rahisi kuikokotoa kwa kalamu, na hivyo inafaa kuonyesha kinachofanyika ndani ya mashine. Kwa mwanamume, ni huu:

FVC = (5.76 × urefu kwa mita) − (0.026 × umri kwa miaka) − 4.34

Urefu wa mita 1.66 unatoa 9.56. Umri wa miaka 45 unaondoa 1.17. Baada ya kutoa 4.34 inabaki lita 4.05. Hiki ndicho kipimo kinachotarajiwa kwa mwanamume mwenye afya wa kimo na umri wake.

Lakini watu wenye afya hawalingani wote. Wapo wanaozidi wastani na wanaopungua bila kuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo maana huwekwa kikomo cha chini, mahali ambapo ni watu 5 tu kati ya 100 wenye afya huangukia chini yake. Katika mlinganyo huu kikomo kiko lita moja chini ya wastani, yaani 3.05. Lita 2.90 ziko chini ya kikomo. Mkulima huyu anahitaji uchunguzi zaidi, kuanzia picha ya kifua.

Sasa chukulia kwamba mpimaji hakumpima kimo bali alimuuliza, naye akakisia sentimita 160. Mlinganyo uleule unatoa wastani wa lita 3.71 na kikomo cha 2.71. Pumzi zake hazijabadilika, lakini 2.90 sasa iko juu ya kikomo, na karatasi inasema "kawaida". Au chukulia kwamba kimo ni sahihi ila umri umeandikwa 55 badala ya 45. Wastani unashuka hadi 3.79, kikomo hadi 2.79, na jibu ni lilelile: "kawaida". Sentimita sita au miaka kumi isiyo sahihi imetosha kumrudisha shambani mtu aliyestahili picha ya kifua. Wala hakuna kitu kwenye karatasi kitakachoashiria kosa hilo, kwa kuwa mashine huamini kila inachoandikiwa.

Kupima kimo na kupata umri

Kimo hupimwa siku ya kipimo, si kuulizwa wala kunakiliwa kutoka kwenye kadi ya zamani. Mgonjwa avue viatu, zikiwemo katambuga, na aondoe kofia au kilemba kirefu. Visigino viwe pamoja na viguse ukuta, mgongo unyooke, macho yatazame mbele sawa na upeo wa macho, kisha ubao bapa ushushwe hadi uguse kichwa.

Ugumu huja kwa wazee waliopinda mgongo. Mama wa miaka 75 aliyepungua sentimita kadhaa kwa kupinda hajapunguziwa kifua alichozaliwa akikuze kwa kiasi hichohicho. Kimo chake cha sasa kikiingizwa, matarajio yanashuka kupita kiasi na ugonjwa unaweza kufichwa. Kwa mtu kama huyo, na kwa asiyeweza kusimama, hupimwa upana wa mikono iliyonyooshwa kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mwingine. Upana huo usiandikwe moja kwa moja kana kwamba ndio kimo. Mara nyingi huzidi kimo, na kwa watu wengi wa asili ya Kiafrika huzidi kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko kwa Wazungu. Hubadilishwa kwanza kwa kanuni, na karatasi ya majibu hutaja kwamba kimo kimekadiriwa.

Umri nao una mtego wake. Mashine hutaka tarehe ya kuzaliwa, na wapo wazee ambao hawakuandikishwa walipozaliwa. Wengine wameandikiwa tarehe ya Januari mosi kwa kukisia. Badala ya kuandika namba yoyote, mpimaji anaweza kuuliza kwa matukio: alikuwa amezaliwa wakati wa Uhuru mwaka 1961? Alikuwa ameanza shule lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967? Wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974 alikuwa mtoto au ameshaoa? Alikuwa na umri gani wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979? Majibu mawili au matatu hupunguza kosa la miaka kumi hadi miwili au mitatu. Kwa mtu mzima, kosa la miaka miwili katika mlinganyo ule ni mililita 52 tu, nalo ni dogo.

Nani aliyewekwa kuwa kigezo?

Linabaki jambo ambalo urefu, umri na jinsi havilimalizi. Mlinganyo uliotumika hapo juu ulitokana na watu wa Ulaya. Kwa watu wa kimo kimoja, wenye asili ya Afrika kwa wastani wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kiasi, na mapafu hukaa katika kiwiliwili. Hivyo kigezo cha Ulaya huelekea kuwadai wakazi wa Simiyu pumzi nyingi kuliko wanazoweza kuwa nazo hata wakiwa wazima.

Kwa miaka mingi suluhisho katika nchi kama Marekani lilikuwa kupunguza matarajio kwa asilimia 10 hadi 15 kwa kila mtu mweusi. Njia hiyo ina hatari yake. Si kila upungufu ni wa maumbile. Lishe duni tumboni mwa mama, moshi wa jikoni, vumbi na magonjwa ya kifua ya utotoni hupunguza pia mapafu, na kuyahesabu hayo yote kuwa "kawaida ya Mwafrika" ni kuyafumbia macho.

Milinganyo ya kimataifa inayojulikana kwenye mashine kama GLI 2012 ilikusanya vipimo vya watu zaidi ya 74,000 wenye afya, wa miaka 3 hadi 95, na kuwagawa kwa makundi ya asili. Hata hivyo nchi za Afrika kusini mwa Sahara hazikupata kundi lake. Aliyepo karibu nao ni Mmarekani mweusi. Toleo lililofuata, GLI Global, limeacha kuuliza rangi na hutumia urefu, umri na jinsi pekee kwa watu wote. Nchini, mwaka 2011 jarida la utafiti wa afya la Tanzania lilichapisha milinganyo iliyotokana na watu wazima wenye afya wa hapa hapa, waishio pembezoni mwa mji. Nayo ilitenganisha wanaume na wanawake na kutumia umri na kimo.

Hili linamgusaje mkulima wa miaka 45? Lita zake 2.90 ziko chini ya kikomo cha Ulaya kwa mililita 150 tu. Kwa kigezo kingine huenda zikawa juu ya kikomo. Hapa daktari hawezi kuiachia mashine uamuzi. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu na sasa anachoka ana sababu za kutosha za kupigwa picha ya kifua, namba ikiwa chini kidogo au juu kidogo ya mstari. Hata FVC ndogo yenyewe haithibitishi kwamba mapafu yamesinyaa. Kuthibitisha kunahitaji kupima ujazo wote wa mapafu, pamoja na hewa isiyotoka, kwa mashine kubwa zaidi ya spirometa.

Kosa la kimo na mashaka ya mlinganyo, basi, ni mambo mawili yasiyofanana. La kwanza huzuiwa kwa ubao na futi ya kupimia. La pili haliondoki, bali hujulikana na kuzingatiwa. Kwa sababu hiyo karatasi ya majibu hutaja jina la mlinganyo uliotumika, na kituo hakibadilishi mlinganyo kati ya kipimo kimoja na kingine cha mgonjwa huyohuyo. Ukibadilishwa, mgonjwa anaweza kuonekana amepona au amezidiwa ilhali pumzi zake ni zilezile.

Mgonjwa naye ana la kufanya. Anapopewa karatasi yake, asianze na neno "kawaida" au "si kawaida" lililo chini. Aanze juu, palipoandikwa urefu, umri na jinsi, ahakikishe ni vyake, kisha aitunze. Mkulima wa mfano akirudi baada ya mwaka, kigezo kilicho bora kuliko vyote kitakuwa karatasi hiyo: mtu wa kimo chake, wa jinsi yake, wa asili yake, aliyemzidi ujana kwa mwaka mmoja tu. Umri peke yake ungemnyang'anya takribani mililita 26 za FVC, kiasi ambacho spirometa haiwezi hata kukitofautisha kwa uhakika na mabadiliko ya kawaida ya kupuliza. Akikutwa amepoteza nusu lita, hapatakuwa na haja ya kubishana kuhusu mlinganyo.